Mng'ao wa Kipara: Kuupunguza Bila Kuipausha Ngozi

Katika picha nyingi za wanaume wenye upara, jicho la mtazamaji halianzii usoni. Linapanda kwanza utosini, kwenye doa jeupe linalowaka pale taa ilipopiga, ndipo linashuka kutafuta macho na tabasamu. Mwenye picha analalamika. Mpigapicha anafungua kompyuta, anashusha mwanga wa doa lile, na kweli weupe unaondoka. Lakini mahali pake panabaki rangi ya kijivu, na mtu aliyeingia studio na ngozi yake nzuri ya maji ya kunde anatoka pichani akiwa na kiraka cha majivu kichwani.

Kiraka hicho hukutwa kwenye picha za harusi, mabango ya kampeni na kalenda za ofisini. Chanzo chake ni dhana moja: kwamba doa jeupe ni ngozi iliyopata mwanga mwingi, na kwamba ikipunguziwa mwanga itarudi kuwa ngozi. Ukweli ni kwamba pale kwenye doa ngozi haipo pichani kabisa.

Taa iliyolala juu ya ngozi

Mwanga unaoifikia ngozi hurudi kwa njia mbili. Sehemu moja hupenya ndani kidogo, hutawanyika humo, na inapotoka imekwisha kuchukua rangi ya ngozi yenyewe. Huo ndio mwanga unaotuonyesha kwamba mtu ni mweusi tii, maji ya kunde au mweupe. Sehemu ya pili haiingii. Inadunda kwenye uso wa juu wa ngozi, penye utando mwembamba wa mafuta na jasho, na inarudi na rangi ile ile ya taa iliyotoka. Taa ikiwa nyeupe, mng'ao ni mweupe, hata mtu awe wa rangi gani. Akikaa chini ya mti, mng'ao huwa na ukijani wa majani. Akisimama nje penye kivuli huku anga ikiwa wazi, utosi wake hupata ubuluu.

Kwa hiyo doa lile ni sura ya taa inayoonekana juu ya ngozi. Mhariri wa picha akiipunguzia mwanga sura ya taa nyeupe, atapata kitu cheupe kilichofifia, na cheupe kilichofifia ni kijivu. Rangi ya ngozi haiwezi kutokea hapo kwa kushusha mwanga peke yake, kwa sababu haikuwahi kurekodiwa.

Kichwa chenye upara kinaathirika zaidi ya shavu au bega kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mafuta. Ngozi ya kichwa ina tezi nyingi za mafuta, na tezi hizo haziondoki nywele zinapoondoka. Zinaendelea na kazi yake, ila sasa hakuna nywele za kuyasambaza wala kuyaficha. Ya pili ni umbo. Kichwa ni mviringo uliobinuka nje, na kama kioo cha pembeni cha gari, kinakusanya mandhari pana ndani ya eneo dogo. Dirisha la kushoto, tyubulaiti ya darini na flashi ya kamera, vyote vinaweza kuonekana kwa wakati mmoja juu ya utosi mmoja.

Kwa watu weusi tatizo linaonekana kubwa zaidi, ingawa mafuta yanaweza kuwa ni yale yale. Mwanga ukipiga ngozi moja kwa moja, kiasi kinachodunda juu yake ni kidogo, asilimia 3 au 4 hivi, na kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu. Kinachotofautiana ni ule mwanga wa njia ya kwanza, uliopenya na kurudi na rangi. Ngozi nyeusi huumeza mwingi na kurudisha kidogo, basi mng'ao unasimama peke yake dhidi ya giza na kuonekana mkali.

Hapo ndipo mtego mwingine ulipo. Mpigapicha anayeamua kuufuta mng'ao wote kwenye ngozi nyeusi anaondoa sehemu kubwa ya mwanga uliokuwa ukionyesha umbo la kichwa. Kichwa kinakuwa bapa, na ngozi inaonekana imepauka. Watu wanaopaka mafuta ya nazi baada ya kuoga hawahitaji kuelezwa maana ya ngozi iliyopauka. Mng'ao kidogo ni dalili ya ngozi iliyotunzwa, na ndiyo maana kazi hii ni ya kupunguza, si ya kufuta.

Kabla ya kubonyeza kamera

Kazi kubwa ya kupunguza inaweza kufanyika kabla picha haijapigwa, na inaanza na karatasi ya tishu. Tishu inagandamizwa juu ya utosi na paji la uso, kisha inainuliwa. Haisuguliwi, maana kusugua kunayasambaza mafuta na kuiwasha ngozi. Kama mtu anatoka jasho, ni bora akae dakika chache mbele ya feni kwanza.

Poda inafuata, lakini kwa tahadhari. Poda nyeupe au ile inayouzwa kuwa haina rangi mara nyingi ina silika, na silika inapopigwa na flashi hurudisha weupe ambao jicho halikuuona kwenye kioo. Ngozi nyeusi inahitaji poda yenye rangi inayokaribia ngozi hiyo, ipakwe kwa brashi pana na kidogo sana, na ishuke hadi nyuma ya masikio na shingoni. Ikiishia kwenye paji la uso, kichwa kitakuwa na rangi moja na uso rangi nyingine.

Baada ya hapo ni mahali pa taa. Wapigapicha wengi wakiona doa humwambia mteja, "Mzee, naomba uinamishe kichwa kidogo," kisha, "Sasa kidogo upande wa kulia." Mzee anainama, anageuka, na doa bado lipo. Sababu ni ya kimaumbo: kitu cha mviringo kikizungushwa, umbo lake mbele ya taa halibadiliki. Mng'ao hukaa pale ambapo uso wa kichwa unaelekea katikati ya taa na kamera. Ngozi iliyopo hapo itabadilika mtu akigeuka, lakini doa litabaki karibu pale pale. Kinacholihamisha ni kusogeza taa au kamera. Taa ikipandishwa, doa linapanda kuelekea utosini. Ikipelekwa pembeni, doa linafuata upande huo, na mara nyingi kwenye ubavu wa kichwa huonekana la kawaida kuliko likiwa katikati ya paji la uso.

Lakini jambo lenye nguvu kuliko yote ni ukubwa wa taa ikitazamwa kutoka alipokaa mteja. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera ni nukta kali, na sura yake kichwani ni nukta kali. Sofboksi kubwa iliyo karibu hutoa mng'ao mpana na mpole. Watu wengi wanalijua hilo, ila wachache wanatumia umbali kwa makusudi. Sofboksi ya sentimita 90 ikiwa mita 3 kutoka kwa mteja, kisha ikasogezwa hadi mita 1.5, inaonekana pana mara mbili na eneo lake linakuwa mara nne. Ngozi sasa inapata mwanga takriban mara nne, hivyo mpigapicha anapunguza nguvu ya taa hadi robo ili picha isiungue. Ngozi inabaki na mwangaza ule ule wa mwanzo, lakini uso wa sofboksi wenyewe umefifia hadi robo, na sura yake inayoonekana kichwani imefifia hivyo hivyo. Mng'ao umepungua mara nne bila poda wala kompyuta, ila umetandaa eneo kubwa zaidi.

Asiye na sofboksi anaweza kuielekeza flashi kwenye ukuta mweupe au dari nyeupe ili ukuta ndio uwe taa kubwa. Shuka jeupe lililotundikwa mbele ya dirisha linafanya kazi hiyo hiyo mchana.

Wapo wanaotumia kichujio cha polaraizi kwenye lenzi. Kichujio hiki huzuia sehemu ya mwanga unaodunda, lakini hufanya kazi vizuri zaidi pale mwanga unapopiga kwa mshazari wa takriban nyuzi 55. Juu ya kichwa cha mviringo pembe hubadilika kila mahali, hivyo kinasaidia sehemu moja na kuiacha nyingine. Ikiwekwa plastiki ya polaraizi mbele ya taa pia, na kichujio cha lenzi kikazungushwa kuikabili, karibu mng'ao wote unatoweka. Njia hiyo inawafaa madaktari wanaotaka kuona madoa ya ngozi. Kwa picha ya kutundika sebuleni inatoa kichwa bapa kisicho na uhai, na inameza mwanga mwingi.

Picha ya mwalimu mstaafu

Chukua mfano wa picha iliyokwisha kupigwa. Mwalimu mstaafu mwenye upara amekaa kwenye stuli, kanzu nyeupe, ukuta wa buluu nyuma yake. Taa ni flashi moja ndogo iliyo juu kidogo ya kamera. Doa limekaa juu ya paji la uso, kubwa kuliko jicho lake. Familia inataka picha ya kuweka kwenye fremu, na kumpiga tena haiwezekani kwa sababu amekwisha kurudi kijijini.

Kompyuta huhifadhi kila nukta ya picha kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kidirisha cha Info katika Photoshop huonyesha namba hizo kipanya kinapopita juu ya picha. Ubavuni mwa kichwa cha mwalimu, juu ya sikio, ngozi inasoma 142, 96, 72. Nyekundu inazidi, kijani inafuata, buluu iko chini: huo ndio mpangilio wa ngozi ya binadamu katika mwanga mweupe. Katikati ya doa kunasoma 255, 252, 245. Namba tatu karibu sawa, yaani weupe. Kwenye pete inayozunguka doa, mng'ao unapochanganyika na ngozi, kunasoma 214, 176, 150.

Jaribio la kwanza la mhariri lilikuwa kushusha mwanga wa doa. Namba za katikati zikawa 200, 197, 192. Bado zinakaribia kuwa sawa. Binti wa mwalimu alipoonyeshwa hakuhitaji namba. "Mbona Baba amepauka hivi?" aliuliza.

Njia hii ya kulikaanga doa peke yake ni urithi wa chumba cha giza. Enzi za picha za nyeusi na nyeupe, wakati studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930, zilipokuwa zikianza kazi, fundi yeyote aliyetaka kutuliza sehemu nyeupe aliweza kuiongezea mwanga kwenye karatasi kupitia tundu la kadi au la ngumi yake, na sehemu hiyo ikawa nyeusi zaidi. Zana ya Burn katika Photoshop bado ina alama ya mkono uliokunjwa hivyo. Katika picha isiyo na rangi mbinu hiyo ilitosha, kwa kuwa kijivu ndiyo rangi pekee iliyokuwepo. Katika picha ya rangi, doa linadai kitu cha pili: rangi ya ngozi lililoifunika.

Kwa hiyo jaribio la pili linaanza kwa kuongeza rangi. Mhariri anafungua leya mpya tupu juu ya picha na kuipa hali ya Darken. Hali hii ina kanuni moja: rangi inayopakwa huonekana pale tu inapokuwa na giza kuliko kilichopo chini yake. Juu ya doa jeupe itaonekana. Juu ya ngozi ya kawaida, ambayo tayari ina giza zaidi, haitagusa kitu, hata brashi ikivuka mpaka.

Rangi ya kupaka inachukuliwa kutoka kwa mwalimu mwenyewe. Zana ya Eyedropper inawekwa Sample Size ya 11 by 11 Average ili isome wastani wa eneo badala ya kinyweleo kimoja, kisha inagusa ngozi iliyo nje kidogo ya pete, pale mng'ao unapokaribia kuisha. Hapo kunasoma 176, 126, 98. Rangi hii imechaguliwa kwa makusudi. Ina mpangilio wa ngozi, lakini ni angavu kuliko ngozi ya ubavuni, na hivyo itaacha mahali pa mng'ao.

Kuna hatari ya kuchukua rangi karibu mno na doa. Ngozi inapoangaza, nyekundu hufika 255 kabla ya wenzake na kukwama hapo, huku kijani ikiendelea kupanda. Ukingo wa doa kwa sababu hiyo huelekea kuwa wa njano. Mhariri akichota rangi hapo, atampaka mwalimu umanjano. Akiona kwamba nyekundu imefika 255 na kijani inakaribia, asogee nje zaidi.

Sasa doa lote linapakwa kwa brashi yenye Hardness 0, pamoja na pete yake. Kwa muda linaonekana kama bandeji, na hiyo ni sawa. Kisha Opacity ya leya inashushwa hadi 50%. Hesabu inaonyesha kilichotokea: katikati ya doa, nusu ya 255 na nusu ya 176 ni 215 na kitu, na kwa namba nyingine mbili matokeo ni 189 na 171. Pete imekuwa 195, 151, 124. Ngozi ya ubavuni imebaki 142, 96, 72. Ukilinganisha 215, 189, 171 na kile kijivu cha 200, 197, 192, mwangaza haujaachana sana, lakini safari hii nyekundu inaongoza, kijani inafuata na buluu iko chini. Sehemu hiyo sasa inasomeka kuwa ngozi inayong'aa.

Bado kichwa kimetulia kupita kiasi pale kati. Leya inapewa barakoa, yaani Layer Mask, na kwa brashi laini nyeusi ya 30% mhariri anagusa mara moja kiini cha doa tu. Pale kati, nguvu ya rangi inashuka kutoka 50% hadi 35%, na namba zinapanda kufikia takriban 227, 208, 194. Mng'ao umerudi kidogo, ukiwa na kiini angavu kinachofifia taratibu kuelekea ukingoni. Mteremko huo ndio unaoliambia jicho kwamba kichwa ni mviringo.

Linabaki jambo la vinyweleo. Kamera ilipoungua pale katikati, ilipoteza pia vishimo na mistari midogo ya ngozi, hivyo rangi iliyopakwa ni laini mno. Kwa picha ya fremu ya kawaida inatosha kuongeza chembechembe kwenye leya ile ile kwa kutumia Add Noise, kiasi cha 3%, Gaussian, na Monochromatic ikiwa imewekewa alama ili zisitokee nukta za rangi. Kwa picha kubwa ya bango, vinyweleo vinakopwa kutoka ngozi ya jirani kwa Clone Stamp ya Opacity ndogo. Mkopo huo utoke kichwani. Ngozi ya shavu ina vinyweleo vya aina nyingine na mara nyingi ina alama za ndevu, na jicho hutambua kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Asiye na Photoshop anaweza kufuata njia hiyo hiyo katika GIMP, programu ya bure, ambako hali ya leya huitwa Darken only.

Wenye simu tu

Wapigapicha wengi wa mitaani wanamalizia kazi kwenye simu, na Snapseed ndiyo wanayoitumia wengi wao. Zana yake ya Selective huweka nukta juu ya doa, na vidole viwili vikibanwa eneo linapungua hadi likae juu ya doa na pete yake tu. Brightness ikishushwa hadi kati ya 20 na 30 chini ya sifuri, doa linatulia. Likianza kuonekana la kijivu, zana ya Brush ikiwekwa kwenye Temperature 5 na kupakwa juu ya sehemu hiyo huongeza ujoto na kuirudisha kuelekea ngozi.

Utaratibu ubaki huo huo, mwanga kwanza na rangi baadaye. Rangi haikai vizuri juu ya weupe kamili. Hata katika Photoshop, leya ya hali ya Color ikipakwa juu ya 255, 255, 255 haibadilishi chochote, kwa sababu hali hiyo inahifadhi mwangaza, na hakuna rangi inayoweza kuwa na mwangaza wa weupe kamili. Ndiyo maana hali ya Color ni ya kazi nyingine: kuondoa ubuluu wa anga au ukijani wa tyubulaiti kwenye mng'ao ambao haujaungua.

Kujua umefika

Mhariri aliyelikodolea macho doa moja kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kulipima. Wazoefu hupunguza picha hadi iwe ndogo kwenye kioo, ukubwa wa picha ya pasipoti hivi, na kutazama jicho linakimbilia wapi kwanza. Likienda kwenye macho ya mwenye picha, kazi imetosha. Likibaki utosini, mng'ao bado mkali, au kiraka kinaonekana.

Kipimo cha pili ni kulinganisha kichwa na sehemu nyingine za uso. Ncha ya pua, mifupa ya mashavu na mdomo wa chini navyo hung'aa chini ya taa ile ile. Kichwa kikiwa hakina mng'ao wowote huku pua inameremeta, mtazamaji ataona kichwa kimebandikwa. Kwa mwalimu, pua ilisoma 221, 196, 178 pale ilipong'aa zaidi. Kiini cha utosi cha 227, 208, 194 kinakaa nayo vizuri.

Kipimo cha tatu ni karatasi. Kwenye printa ya wino, sehemu yenye 255 kwa namba zote haipati wino hata tone, na picha ikiinamishwa mbele ya dirisha, karatasi tupu inaonekana tofauti na eneo lenye wino. Doa lililoshushwa hadi 227 na kupewa rangi linapata wino wake.

Mahali ambapo kompyuta hairuhusiwi

Zipo picha ambazo mbinu hizi hazina nafasi. Picha za pasipoti hufuata miongozo ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, inayotaka uso usiwe na madoa ya mwanga wala mng'ao wa flashi. Miongozo hiyo hiyo haikubali uso uguswe na kubadilishwa kwa kompyuta, kwa kuwa mashine za mipakani hulinganisha picha na mtu aliyesimama mbele yake. Kwa mteja mwenye upara maana yake ni kwamba kazi yote inafanyika kabla ya kubonyeza: tishu, poda kidogo ya rangi yake, na taa mbili pana zilizo pembeni kwa usawa, kushoto na kulia, badala ya flashi ya juu ya kamera.

Kikomo kingine kiko ndani ya faili. Picha iliyopigwa kwa RAW mara nyingi huwa bado ina kumbukumbu ya rangi juu kidogo ya pale JPEG ilipokwama, na kushusha Highlights kwenye RAW kunaweza kurudisha ngozi halisi kwenye pete ya doa, wakati mwingine hata katikati yake. Hiyo ifanywe kwanza, kabla ya kupaka chochote, maana ngozi iliyorekodiwa ni bora kuliko iliyopakwa. JPEG iliyoungua haina cha kurudisha. Doa likiwa limemeza nusu ya paji la uso pamoja na mikunjo yake, rangi ya kupaka itafunika weupe lakini mikunjo haitarudi, na mwalimu wa miaka sabini atakuwa na paji la kijana. Hapo mhariri humweleza mteja kwamba picha hiyo ifanywe ya nyeusi na nyeupe, ambako kijivu hakiumbui ngozi, au mzee apigwe upya atakaporudi mjini, safari hii sofboksi ikiwa mita moja na nusu kutoka kwake.